Siku Tatu za Yaya

Upande wa kushoto wa Papa ulilegea asubuhi moja akifunga vifungo vya shati. Alifika kifungo cha tatu, akaniita, na nilipoingia chumbani alikuwa amekaa kitandani akiutazama mkono wake kama mkono wa mgeni. Hospitalini walituambia ni mshipa wa kichwani. Alirudi nyumbani baada ya majuma kadhaa. Maneno yalimrudia kabla ya mguu, na akili haikuwa imemtoka hata kidogo, jambo lililomfanya awe mgonjwa mgumu.

Tulikuwa wawili tu katika nyumba ya Makiso, katikati ya Kisangani. Mama alifariki nikiwa bado sijaanza shule. Dada yangu mkubwa anaishi Kinshasa, anatuma dola mia kila mwezi na ujumbe wa sauti kila siku. Mimi nafundisha historia katika shule moja ya sekondari, siku tatu kwa juma, na siku nyingine nazunguka chuoni nikisubiri nafasi ya mhadhiri msaidizi ambayo kila mwaka huahidiwa mwaka unaofuata. Binamu mmoja alikuja kutoka Bengamisa kutusaidia, akakaa mpaka wakati wa kupanda mpunga, akaenda zake. Siku zangu za shule Papa alibaki peke yake, na mara mbili nilimkuta sakafuni.

"Tafuta mutu," dada alisema kwenye simu.

"Mutu iko," Papa akajibu kutoka kitandani. "Iko ng'ambo."

Nilijua anamsema nani. Ng'ambo kwetu ni Lubunga, upande wa kushoto wa mto, na huko alikuwako mwanamke mmoja tu ambaye Papa angemwita bila kutaja jina. Sisi tulimwita Yaya. Ndiye aliyenilea. Papa alikuwa karani wa wafanyakazi kwenye reli ya Ubundu, na kila mwisho wa mwezi alipanda treni na sanduku la mishahara akalipa watu wa vituo, mmoja baada ya mwingine, hadi mwisho wa njia. Treni ile haikuwahi kurudi siku iliyotarajiwa. Papa asipokuwepo, Yaya alilala kwetu.

Ninazozikumbuka kwa nguvu zaidi ni jioni zile. Sikumbuki alichopika, ingawa lazima alipika. Nakumbuka tumekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, yeye akichambua sombe, majani ya muhogo, na mimi nimeegemea paja lake, na yeye akinisimulia vituko vya watu alivyoviona asubuhi ndani ya mtumbwi akivuka: nani aligombana na nani, nani alivuka na mbuzi akadai mbuzi asilipe. Aliwaigiza wote kwa sauti zao. Nilipokuwa chuoni, kila tulipozungumzia familia, mimi kichwani niliona kile kizingiti. Aliondoka nilipomaliza shule ya msingi. Papa alisema mtoto sasa ni mkubwa. Hakuna aliyeniuliza.

Nilivuka siku ya Jumapili. Nilimkuta uani kwake akifunga kwanga, mikate ya muhogo, kwenye majani, biashara aliyoianza baada ya kutoka kwetu. Alikuwa amenenepa, na ushungi wake ulikuwa uleule wa rangi ya kijani kibichi, au pengine mwingine uliofanana. Alinishika mashavu yote mawili kwa mikono yenye unga wa muhogo.

"Muangalie," alisema. "Mutoto amekuwa na ndevu, lakini bado anatembea kama anatafuta kiatu."

Nilimweleza habari za Papa. Alisikiliza akiendelea kufunga kwanga. Machozi yalimlengalenga, akayapangusa kwa kiwiko. Nikasema, "Yaya, rudi nyumbani."

Akauliza, "Nirudi nyumbani, ao nirudi kazi?"

Sikuelewa tofauti, nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kama ni kumuona muzee, nitakuja kesho na samaki. Kama ni kazi, bon, uniambie ni kazi gani, ni saa ngapi, na mushahara ngapi. Niko na kwanga hii. Nikiacha kwanga, niache juu ya kitu chenye ninakijua."

Nikiwa kwenye mtumbwi wa kurudi nilikuwa na uchungu kidogo. Nilikuwa nimekwenda kumwita mama, na nimerudi na kazi ya hesabu. Lakini mimi ni mtu wa kuhoji kila kitu, hata uchungu wangu, na kabla hatujagusa ukingo wa pili nilikuwa tayari najiuliza swali lake: mshahara wa haki wa mtu wa nyumbani Kisangani ni kiasi gani?

Nilianza kwa kuuliza mtaani, kama afanyavyo kila mtu. Jirani yetu, mama mfanyabiashara wa vitenge, aliniambia kwa kujivuna kwamba yeye hutoa dola sitini.

"Na chakula juu," alisema. "Kwangu mutu hapiti na njaa, prof."

Jioni nilimkuta mfanyakazi wake kwenye bomba la maji, mwanamke wa makamo mwenye ulimi mwepesi. Nilipomwambia ile sitini, aliweka ndoo chini ili acheke vizuri.

"Sitini? Aniite na mimi kwenye nyumba hiyo. Mimi hamusini njo ninaiona. Sitini ni pamoja na sabuni, na kitenge ya bonané, ile ya mwaka mupya, na sahani zenye zilivunjika akasamehe."

Alinieleza saa zake: anaingia saa kumi na mbili asubuhi, anatoka saa kumi na mbili jioni, siku sita. Mwenzake aliyekuwa nyuma kwenye foleni akasema yeye hulipwa dola arobaini na tano tu, kwa wenye nyumba wazee wawili, lakini saa saba mchana keshamaliza na kwenda zake. Wa hamsini akamtazama wa arobaini na tano kwa huruma.

Nilipofika nyumbani nilikaa na simu nikapiga hesabu. Mwezi wa kazi, siku sita kwa juma, huchukuliwa kuwa siku ishirini na sita. Yule wa hamsini alifanya saa kumi na mbili kwa siku, yaani zaidi ya saa mia tatu kwa mwezi: saa yake moja ilikuwa senti kumi na sita. Yule wa arobaini na tano aliingia saa moja asubuhi na kutoka saa saba mchana, saa sita kwa siku: saa yake ilikuwa karibu senti ishirini na tisa. Aliyehurumiwa alikuwa akilipwa karibu mara mbili ya aliyemhurumia. Mtaa mzima ulikuwa unalinganisha mishahara bila kulinganisha siku, na kila mtu alisema "bei ya hapa" kama vile ni bei ya kilo ya sukari.

Nilimsomea Papa matokeo. Nilijivunia. Alinisikiliza amefumba macho.

"Bon," alisema. "Umepata bei ya pale bombani. Sasa serikali inasema nini?"

"Papa, nani anafuata serikali kwa mutu wa nyumba?"

"Sikuuliza nani anafuata."

Kwa hiyo nilikwenda kwenye ofisi ya ukaguzi wa kazi, mjini. Nilitarajia kuzungushwa. Nilimkuta afisa mmoja mwenye miwani, meza yake tupu, ambaye alidhani nimekuja kushtaki au nimeshtakiwa. Nilipomwambia nataka tu kujua nimlipe mtu kiasi gani kabla sijamwajiri, aliivua miwani.

"Bila kesi?" aliuliza.

"Bila kesi."

"Kaa basi. Wewe ninakupa kiti."

Alinieleza kwa utaratibu. Kuna kima cha chini kwa siku moja ya kazi, kimepandishwa hivi karibuni, na mtu wa nyumbani ni mfanyakazi kama wengine. Nauli na matibabu haviingii ndani ya mshahara, vinakaa pembeni. Chakula ninachompa mtu kwa hiari yangu nisikiite mshahara mwisho wa mwezi. Kisha akaniambia jambo lililonirudia njia nzima: "Watu wanakuja hapa, wananiambia, alikuwa anakaa tu. Ninawauliza, alikuwa na ruhusa ya kwenda? Kama hakuwa na ruhusa ya kwenda, hakuwa anakaa tu."

Nilizidisha kile kima cha siku kwa ishirini na sita nikiwa bado kwenye ngazi za ofisi. Kilizidi mshahara wangu wa shule. Kilizidi pia dola mia za dada. Nilisimama pale watu wakinipita. Ningeweza kumlipa Yaya bei ya bombani, na kila mtu Makiso angesema nimelipa vizuri. Au ningeweza kumlipa haki, nami pesa hiyo sikuwa nayo.

Papa aliifurahia shida ile kuliko dawa zake. Alinituma kalamu na karatasi, akaniamuru niandike, maana mkono wake wa kulia ulikuwa mzima lakini alipenda kuamuru.

"Andika kazi."

Niliandika: kupika, kufua, kuchota maji, kusafisha nyumba, soko.

"Andika na mimi."

"Papa iko ndani ya kusafisha nyumba?"

"Niko kiti mimi? Andika: kuinua muzee. Kumuosha. Kumupatia dawa. Kumusikiliza akitukana."

Tulicheka wote, kisha nikaandika, bila lile la mwisho. Alikuwa sahihi. Kumhudumia mgonjwa ni kazi nyingine yenye bei nyingine. Wale wanaokaa na wagonjwa hospitalini hulipwa kwa siku, tena zaidi ya mpishi. Nilipoigawa siku kwa saa, niliona kwamba Papa peke yake alikula nusu yake. Kufua kungeweza kungoja, au kufanywa na mimi. Sakafu ingengoja. Papa hakuweza kungoja.

"Sasa ondoa chenye unaweza kufanya wewe," alisema.

Niliondoa maji, nguo, soko. Kisha akaniuliza siku zangu za shule ni zipi. Jumatatu, Jumanne, Alhamisi. Akaniacha nifike mwenyewe. Siku tatu kwa juma ni siku kumi na tatu kwa mwezi. Siku kumi na tatu za kima cha serikali, na nauli pembeni, na kitu cha kuongeza kwa sababu ya kumuinua mtu: dola za dada zilifika karibu yote, na kilichobaki kilikuwa kidogo cha kutoka mfukoni mwangu.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilihisi nimenyang'anywa. Tangu siku ile ya Jumapili nilikuwa nikimwona Yaya ndani ya nyumba kila siku, asubuhi hadi jioni, na jioni kwenye kizingiti. Kadiri hesabu ilivyozidi kuwa ya haki, ndivyo yeye alivyozidi kupungua.

"Tunaweza kumuomba alale siku moja moja," nilisema. "Jioni hafanyi kitu. Anakaa tu."

"Kule reli," Papa alisema, "mutu akilala kituo akingoja treni, tulimuhesabia nusu saa kwa kila saa. Mwambie hivyo."

Yaya alikuja Jumamosi, na samaki kweli, wawili, ndani ya majani. Alimsalimia Papa kwa kumkemea kwamba amekonda kwa makusudi. Alimgeuza kitandani bila kuombwa, akamkagua mgongo kama ana vidonda, akanigeukia: "Huyu unamulaza upande mumoja." Kisha akaomba mkeka, akaswali chumba cha nyuma, akarudi kukaa.

Papa akaanzia hapo. "Na swala? Tutaikata kwa saa?"

"Ukate," alisema Yaya. "Halafu Mungu akikuuliza, umwambie ulikuwa karani."

Papa alicheka mpaka nikamfuta mdomo. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu augue.

Nilimsomea Yaya yote: kazi, siku, saa mbili asubuhi hadi saa kumi alasiri, mshahara wa siku kwa kima cha serikali na nyongeza ya mgonjwa, kulipwa kila mwisho wa mwezi, nauli ya mtumbwi na ya moto, pikipiki ya abiria, pembeni. Akasikiliza. Aliuliza moto kutoka bandarini hadi kwetu wakati wa mvua ni bei gani tumeweka, maana mvua hubadili bei, na tukarekebisha. Aliuliza akiumwa inakuwaje. Aliuliza nani atamuinua Papa pamoja naye wakati mgongo ukimuuma, nikasema jirani amekubali kuitwa. Akatikisa kichwa kukubali.

"Ni sawa," alisema. "Ni zaidi ya nilivyofikiri. Kwa sababu ni siku tatu tu ningesema hapana, lakini siku ingine nitafunga kwanga. Ni sawa."

Hapo ningenyamaza. Lakini sikuweza.

"Na kulala," nilisema. "Siku moja moja. Jioni hakuna kazi, Yaya, utakaa na sisi tu. Tutahesabu nusu. Papa anasema kule reli walihesabu nusu."

Alimtazama Papa. Papa akatazama dari.

"Nusu," alisema Yaya. Hakupandisha sauti. "Nikilala hapa, nusu yangu inavuka mto, ingine inabaki?"

"Sikuwa na maana hiyo."

"Wale watu wa reli, uliwauliza kama walifurahi na nusu?"

"Hapana," Papa alijibu kwa niaba yangu. "Hawakufurahi. Walinitukana kila kituo."

Nikamuuliza lile swali ambalo nadhani nilivuka mto kwenda kuliuliza. Nilimuuliza kama zamani, wakati Papa alipokuwa Ubundu, zile jioni pale mlangoni zilikuwa kazi.

Alikunja mkeka wake wa swala mara mbili, ingawa ulikuwa umeshakunjwa.

"Ningeweza kwenda?" aliuliza. "Wewe uko na miaka tano, na papa yako iko ndani ya treni. Ningeweza kusema bon, mutoto, mimi nimemaliza, ninavuka?"

"Hapana."

"Basi ilikuwa kazi." Kisha akanigusa goti. "Ulikuwa kazi muzuri. Kulikuwa siku nilifurahi. Lakini usiniulize nikuambie haikuwa kazi. Niliacha watoto yangu na bibi yao ili niwe hapa. Nikisema nilikuwa ninakaa tu, wao niliwaacha juu ya nini?"

Nilikuwa najua kwamba ana watoto, kama mtu anavyojua kwamba mto una ukingo wa pili. Sikuwahi kuwahesabu katika jioni zile.

Hakulala. Hatukuliongea tena. Tulipatana siku tatu, saa mbili hadi saa kumi, na Jumatatu iliyofuata alikuja.

Nyumba ilibadilika kwa kile kilichowezekana kubadilika. Papa alianza kukaa kwenye kiti asubuhi. Yaya alimfunga kamba ya kitenge kiunoni, akamshika kwayo kama fundi anavyoshika ubao, akamtembeza hadi mlangoni na kurudi, wakitukanana njia nzima. Alikataa kufua. Nilipomwachia shati moja kwenye kamba, makusudi kidogo, nililikuta vilevile, na Papa akasema, "Haiko kwenye kazi yake, prof." Nilijifunza kufua jioni. Nilijifunza pia kupika lituma, kutwanga ndizi na muhogo mpaka vishikane, na Papa akala yangu bila kusifu.

Siku za shule nilikimbia kurudi. Kipindi changu cha mwisho kinaisha saa tisa na nusu, na nikipata moto haraka, nafika nyumbani kabla hajatoka. Nilifanya hivyo majuma mawili. Nilimkuta kila mara amekwisha kuosha mikono, mkoba uko begani, anamwachia Papa maji mahali anapoyafikia. Siku moja nilichukua viti viwili, nikaviweka kwenye mlango wa nyuma, nikanunua njugu njiani. Alikuja, akaviona, akasimama.

"Kaa kidogo, Yaya."

"Papa anataka kitu?"

"Hapana. Kaa tu."

Alitazama jua. Alijua saa kwa jua, ingawa alikuwa na simu. Nilijua anachokipima: baada ya muda fulani mitumbwi ya injini hujaa wafanyakazi wanaorudi Lubunga, watu husukumana, na mwanamke wa umri wake hubaki ukingoni akisubiri wa mwisho.

"Hii ni kazi?" aliuliza.

"Hapana. Si kazi."

"Kama si kazi, uko na miguu. Uvuke uje kwangu. Mimi nimekuja kwako miaka yote."

Akachukua njugu, kiganja kimoja, akaondoka. Nilibaki na vile viti viwili. Papa aliuliza kutoka ndani nani ananunua njugu katika nyumba hii wakati yeye hana meno ya upande mmoja.

Nilivuka Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, siku isiyo ya kazi yake wala yangu. Jirani alikubali kukaa na Papa, nami nikamlipa kwa saa, akashangaa, akapokea. Nilibeba sukari na sabuni kama mgeni. Yaya alinipokea kama mgeni pia: alinipa kiti kizuri, akaniwekea maji ya kunawa, akakataa nisogee jikoni. Alikuwa anapika, na jikoni lilikuwa kibanda cha mabati upande wa pili wa ua, kwa hiyo nilikaa na binti yake.

Binti huyo ni wa rika langu, anashona nguo, mashine yake ilikuwa pale barazani. Alinitazama mara kadhaa juu ya kitambaa kabla hajasema neno.

"Wewe njo ule mutoto wa Makiso."

"Ni mimi."

"Ulikuwa unaumwaumwa sana."

Nilisema labda.

"Si labda. Tulijua homa zako zote. Mama asipovuka, bibi anasema, mutoto wa Makiso ana homa. Ulipata surua, tukakaa siku nyingi. Mimi nilikuombea ufe." Aliutoa mguu kwenye mashine ili nimsikie vizuri. "Halafu niliogopa nikakuombea upone, juu nilifikiri ukikufa watamuweka mama yangu gerezani."

Alisema kwa kucheka, na mimi nikacheka, kisha wote wawili tukaacha. Mashine ilishona mstari mmoja mrefu. Nilitaka kumwomba radhi, lakini kwa lipi? Kwa kuwa na homa? Nilimuuliza kama mama yake sasa anafurahia kazi. Akasema siku tatu zile anarudi kukiwa bado na mwanga, na anafika na nguvu ya kugombana na watu, na kwamba nyumba haijazoea.

Kisha akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Mulikuwa munafanya nini jioni, wewe na yeye?"

"Tulikaa mlangoni. Alichambua sombe. Alinisimulia vituko vya kwenye mtumbwi."

"Vituko gani?"

Nikamtazama. "Vya watu wenye alivuka nao. Wewe hakukuambia?"

"Sisi akifika alikuwa amechoka. Alikuwa anakula, analala. Bibi njo alituambia hadithi, na zake zilikuwa za kutisha tu." Alivuta kiti karibu. "Uniambie moja."

Nilichagua ile ya bwana aliyetaka kuvusha kabati la nguo la mkewe. Nilimweleza jinsi mwenye mtumbwi alivyokataa, jinsi bwana alivyodai kwamba kabati ni jepesi kuliko mkewe na mkewe huvuka kila siku bila ubishi, jinsi abiria walivyogawanyika, wanawake upande mmoja. Nilijaribu kuziiga sauti. Sina kipaji chake. Nilifika pale kabati linapoinuliwa, watu wanne, na mlango wake unafunguka katikati ya maji, nikasahau nini kilitoka ndani.

"Nini kilitoka?" aliuliza binti.

"Nadhani nguo."

"Hapana," sauti ikasema kutoka jikoni. Yaya alitoka na mwiko mkononi, amekunja uso kwa moshi. "Nguo gani? Alitoka kuku. Kuku muzima, na mayai chini yake, na muke yake alikuwa akimutafuta kuku huyo siku tatu. Munaharibu. Ngoja."

Akarudi ndani kuondoa sufuria motoni. Binti yake alisogeza vitambaa kutoka kwenye benchi ili mama apate mahali pa kukaa, na mimi nikasogea upande, na tukangoja.